Ujumbe wa Kusomewa Dukani

Katika kikundi chetu cha mikopo pale Kasulu, mahudhurio naita mimi, tena bila karatasi. Katibu anayo orodha yake na kalamu yake, lakini wanawake walizoea tangu mwanzo, kwa sababu mimi majina hayanipotei. Mtu namjua kwa jina lake, la baba yake, na lile la utani alilopewa na mashangazi kabla hajabatizwa. Shule niliishia darasa la nne, na hesabu za riba nawaachia wenye macho makali. Hapa, hata hivyo, majina sitayaandika. Wenyewe wapo hai, wana biashara zao na wakwe zao, na habari ya deni haipendezi ikiwa na jina la mtu juu yake.

Tunakutana kila Jumatano mchana kwenye chumba cha chekechea cha kanisa, watoto wakishatoka. Viti ni vile vyao vidogo. Mtu mzima ukikaa, magoti yanakaribia kidevu, na ndiyo maana mikutano yetu haichelewi kuisha. Afisa mikopo anakuja na pikipiki yake. Ni binti wa Kibondo, mwembamba, mwenye kucheka kwa haraka na kunyamaza kwa haraka. Siku hizi marejesho tunalipa kwa simu, yeye kazi yake pale ni kuhakiki nani amelipa na nani bado, na kutusikiliza. Kila mmoja ana mkopo wake, lakini tumedhaminiana. Mmoja akishindwa kabisa, akiba yetu sote iliyowekwa dhamana ndiyo inayomegwa.

Nikiita jina na mwenyewe hayupo, jirani yake humwitikia. "Yupo, shamba limemshika." Au, "Yupo, amempeleka mtoto kliniki." Hatujawahi kukubaliana kwamba iwe hivyo, imekuwa tu. Mtu akikosa wa kumwitikia, chumba kizima kinajua kuna jambo.

Sasa kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyehamia Makere kumtunza mama yake mzazi. Hakutoka kikundini. Kila Jumatano alipanda gari asubuhi akaja, na mara nyingi alikuwa na kitu mkononi, chupa ya mawese au maharage mabichi. Biashara yake ilikuwa unga wa muhogo. Alinunua mihogo mashambani, akaloweka, akaanika, akasagisha, akauza. Mkopo wake aliulipa vizuri mpaka ukapita nusu. Kisha Jumatano moja hakuja. Nikaita jina, jirani yake wa zamani akaitikia, "Yupo, atakuwa njiani." Wiki iliyofuata nikaita, akaitikia yule yule, ila sauti imepungua. Ya tatu niliita na hakuna aliyesema kitu. Mmoja tu alikohoa.

Afisa aliniambia mkutano ulipokwisha, tukiwa mlangoni. "Bibi, yule mteja wetu wa Makere ametushinda. Mfumo unamtumia ujumbe kila wiki, hajibu. Napiga simu, imezimwa. Meneja anasema mwezi ukiisha bila kumwona, tutakata akiba ya kikundi na yeye atafutwa. Akishafutwa hakopi tena kwetu."

"Na akija kabla ya mwezi kuisha?"

"Akija mapema, deni linaweza kupangwa upya. Kiasi cha kila wiki kinapungua, muda unaongezeka. Riba ya muda huo inakuwepo kidogo, simfichi mtu. Lakini lazima aje mwenyewe, aeleze, asaini."

"Huo ujumbe mnaomtumia unasema hivyo?"

Binti akatazama kofia yake ya pikipiki. "Unasema alipe," akajibu.

Nilimwambia nitakwenda Makere. Sikusema nitakwenda kumdai, maana umri wangu si wa kudai. Nilikwenda kumjulia hali mama yake.

Nilifika jua likiwa limeanza kuwaka. Nilimkuta uani, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anachambua maharage. Aliponiona alisimama, akafuta mikono kwenye kanga, akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye, mama," kisha tukaingia kwenye salamu zetu, nyumba, watoto, mgonjwa, mashamba, majirani, moja baada ya nyingine, wala hakuna anayeruka. Mama yake alikuwa ndani, nikamwona, nikamshika mkono, akanitambua kwa sauti. Tuliporudi uani ndipo nikaona mkeka umekunjwa pembeni, na juu yake mihogo mikavu imefanya madoa meusi na ya kijani.

"Mvua," akasema, kabla sijauliza. "Ilikuja wakati si wake. Nilikuwa hospitali na mama, mtoto wa jirani akachelewa kuanua. Mzigo wote. Hata ng'ombe nisingewapa."

"Pole, mwanangu. Na kikundi?"

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetulia. "Kikundi nitakuja. Nimeanza mzigo mdogo, nikiuza huu nitakuja. Nashukuru ofisi wana utu. Kila wiki wananitumia salamu."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Salamu?"

"Simu yangu betri limekufa, haikai na moto. Nakuwa nayo imezimwa, kila siku ya gulio naipeleka dukani kuchajiwa. Mzee wa duka ndiye ananisomea, mimi maandishi unajua yananichenga. Anasema, 'Hao watu wako wa mkopo wanakusalimia, wanauliza hali.' Basi nikasema, watu wanaosalimia hivyo watanisubiri."

Nilichukua maharage mkononi nikaanza kuchambua na mimi, kwa sababu sikuwa na pa kuweka uso.

Nikaomba aniazime hiyo simu, nikaenda nayo mpaka dukani. Mzee mwenye duka ni mtu wa makamo yangu, Mwislamu, wazee wake walitoka pwani wakaleta chumvi na vitambaa. Kwenye kaunta yake simu za watu zimelala kwenye nyaya kama vifaranga. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Nikamwambia nimetoka Kasulu kwenye kikundi, nikamwomba anisomee ule ujumbe kama ulivyo.

Aliniangalia, akaangalia wateja, akangoja mmoja anunue sabuni aondoke. Kisha akavaa miwani akasoma kwa sauti ya chini. "Wewe ni mdaiwa sugu. Umevunja ahadi yako na unawaumiza wenzako. Lipa leo kabla hatujakutangaza kwa wadhamini wako na kuchukua mali zako." Akavua miwani. "Na yote yameandikwa kwa herufi kubwa, bi mkubwa. Kama mtu anafokewa barabarani."

"Mbona hukumsomea?"

"Nimsomee hapa?" Akaonyesha duka kwa kidevu. Kulikuwa na vijana wawili kwenye benchi, mama mmoja na mtoto mgongoni. "Yule mama ananiita kaka. Mimi nimtazame usoni nimwambie wewe sugu? Mdomo ni wangu, bi mkubwa. Yeye atakumbuka nimesema mimi. Hatakumbuka simu."

"Sasa ukamwambia wanamsalimia."

"Nikatafuta neno la kumpa. Nikajua fedha ni za watu, watakuja tu wenyewe siku moja wamweleze. Kwani nimekosea?"

Kwa upande mmoja alimficha mwenzetu habari ambayo ingemwokoa. Kwa upande mwingine hata mimi, kwa maneno yale, mbele ya benchi lile, nisingeyasoma. Nilimuuliza kama kuna wengine anawasomea hivyo hivyo. Akapangusa kaunta, akasema wapo, na wote huwa anawaambia wanasalimiwa. "Hapa Makere," akasema, "ofisi yenu ina sifa ya kusalimia kuliko parokia." Tukacheka, ingawa halikuwa jambo la kuchekea.

Nilirudi uani nikamweleza mwenzangu ukweli. Niliona ni lazima. Nikamwambia polepole, nikaacha lile neno sugu, lakini yeye si mtoto, akalidai. "Sema lote, mama." Nikalisema. Nikaongeza haraka kwamba ofisi ina njia ya kupanga deni upya, aje tu kabla ya mwezi kuisha, nitakaa naye.

Alichambua maharage mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema kwamba kaka yake yuko Kibondo, ana chumba. Mama yake akipata nguvu ya kupanda gari, watahamia huko. Mashine ya kusaga si yake, kibanda cha sokoni atamwachia shemeji.

"Na kikundi?"

"Wakate hiyo akiba, nitawalipa ninyi kidogo kidogo nikiwa huko. Lakini ule mlango siingii. Mtu akishaniita hivyo, nikiingia nimekubali kwamba ndiye mimi."

"Mimi nimekuja kukuita vizuri."

"Wewe umekuja, mama, na nakushukuru. Lakini deni si lako. Walioniita vile ndio waniite tena, wao wenyewe, kwa maneno mengine. Wakiniita nitakuja hata kwa miguu."

Njiani kurudi Kasulu nilifikiria Kibondo. Si mbali sana. Lakini nilijua mtu aliyehama kwa ajili ya aibu, hata akihamia nyumba ya pili, harudi. Ningeendelea kuita jina lake Jumatano, na kimya kile kingekuwa kiti chake.

Asubuhi yake nikaenda tawini. Sijui nilipata wapi ujasiri, pengine ni uzee, unapewa kiti mapema na watu wanasubiri umalize. Meneja ni kijana wa heshima, mnene kiasi, na kwenye meza yake kulikuwa na chungwa lililomenywa nusu. Afisa wetu alikuwepo. Nikawaeleza yote, mihogo, betri, duka, salamu. Nilipofika kwenye salamu, binti alifunika mdomo, na meneja akaweka chini kipande cha chungwa.

"Kwa hiyo wiki zote hizo tumekuwa tukimsalimia," akasema.

"Kila wiki, mwanangu. Na amepokea."

Meneja hakuwa mtu mbaya, napenda hilo lijulikane. Akaniambia maneno yale aliyakuta, yalitumwa na makao makuu kabla yeye hajahamishiwa Kasulu, na yeye pia hakuyapenda. Lakini kuna wanaolipa siku ile ile wakiyapata.

"Wanapata wapi fedha siku ile ile?" nikauliza.

Afisa ndiye aliyejibu. "Wanakopa kwingine, meneja. Kwa wale wakopeshaji wa mtaani, wenye riba ya kausha damu. Wanatulipa sisi, mwezi unaofuata wanakwama kote kuwili. Ninao wengi hivyo."

Meneja akasema tawi linaweza kupendekeza maneno yake, yeye atayapeleka juu yaidhinishwe. Akasema tuandike, lakini akaweka masharti yake, na yalikuwa ya haki. Ujumbe usidanganye. Useme kwamba kuna marejesho yamechelewa, maana mtu akisomewa salamu tupu tumerudi palepale. Useme mtu afanye nini, na lini. "Na ukiahidi kupanga upya, bibi, mimi ndiye nitakayetimiza. Kwa hiyo usiahidi kufuta."

"Sijasema kufuta. Nimesema kuitwa."

Basi tukakaa na binti kwenye benchi la wateja, yeye na simu yake, mimi na kichwa changu. Alitaka niseme, yeye aandike. Nikasema kama ambavyo ningesema nikifika kwa mtu. Nikamsalimia mwenye nyumba, nikauliza watoto, mgonjwa kama yupo, mashamba na hali ya mvua. Nikasema tumekukumbuka, kiti chako kipo. Kisha nikaingia kwenye jambo lenyewe, taratibu, nikatoka, nikaombea nyumba, nikaaga. Binti aliandika yote bila kunikatiza. Nilijisikia vizuri. Akasema, "Ngoja nikutumie, uone unavyofika."

Simu yangu ndogo ikalia. Nikampa asome. Akasoma, "Na Mungu awalinde wote hapo nyumbani, kwaheri." Basi.

"Mengine yako wapi?"

"Yanakuja, bibi. Ujumbe ukiwa mrefu unakatika vipande, na kipande cha nyuma kimefika mbele."

Tulingoja. Kikaja cha katikati, kinachoanzia kwenye mvua. Salamu yenyewe ilifika mwisho, mtu ameshaaga zamani. Meneja alipita na chai yake akauliza tunacheka nini, binti akamwonyesha, naye akalazimika kuweka kikombe chini.

"Simu haina subira ya kwetu," binti akaniambia. "Inataka upumue mara moja tu. Chagua, bibi, katika yale yote, lipi ukiliondoa umemkosea mtu?"

Ndipo kazi ikaanza. Mvua ilitoka, mashamba yakatoka. Salamu ya nyumbani nikaikatalia kabisa. Kwetu huanzi na jambo, hata ukiwa unakimbizwa. Binti akasema sawa, lakini iwe fupi, tena iwe ya kumfaa kijana na mzee, maana mfumo haujui nani wa kupewa shikamoo. Tukaweka habari za nyumbani.

Yeye alitaka kiasi cha fedha kiandikwe. Akasema mteja ana haki ya kujua anadaiwa ngapi, na alisema kweli. Nikamuuliza, "Umeliona benchi la pale dukani?" Nikamweleza vijana wawili na mama mwenye mtoto. Simu ya yule mwenzetu ni kama redio, ikifunguliwa wanasikia wote. Akafikiri, akasema basi kiasi atakitaja yeye mtu akipiga au akija, masikio mawili kwa mawili. Lakini namba yake ya simu lazima iwemo, kwa sababu ujumbe wa mfumo ukiujibu haumfikii mtu yeyote, na mtu asiyeweza kusafiri apate pa kuanzia. Hilo nisingelijua. Mimi nilidhani ukiandika chini ya ujumbe, mtu yupo upande wa pili anasoma.

Wadhamini tukawatoa. Meneja akakubali upesi kuliko nilivyotegemea. Akasema habari ya mkopo wa mtu haitakiwi kutangazwa, na kutishia kuitangaza ni vibaya vile vile, akashika kichwa kama mtu aliyekuwa analijua siku nyingi.

Nikataka tumshukuru mtu kwa alicholipa. Mwenzetu wa Makere alikuwa amevuka nusu, na katika maneno yote aliyotumiwa hakuna aliyeliona hilo. Binti akasita. "Na yule ambaye hajalipa hata moja? Tukimshukuru atatucheka." Tukakubaliana huyo awe na ujumbe wake mwingine, usiotukana wala usioshukuru kisichokuwepo. Na yule anayekaidi kwa makusudi, ana biashara inakwenda na hataki tu, huyo ujumbe haumsaidii, atafuatwa na kuongeleshwa. Binti alisema hivyo kwa uchovu, nikaelewa amekwisha kuwafuata wengi.

Mwisho tulibaki na hili:

Habari za nyumbani. Asante kwa marejesho uliyolipa. Haya yaliyochelewa, njoo tawini kabla ya Ijumaa tuyapange upya, au nipigie. Afisa wako.

Na namba yake. Herufi za kawaida. Ulifika kwenye simu yangu mzima, kichwa mbele na miguu nyuma.

Nilimwomba asome kwa sauti, asimame pale mlangoni asome kama mzee wa duka, nami nikakaa mbali kwenye benchi na kujifanya mteja anayechajisha. Alisoma. Mlinzi wa getini akageuka, akasema, "Dada, nani anakuita?" Nikasema inatosha. Hakuuliza nani anadai.

Meneja akautuma juu. Zilikuwa siku za kukaa nikisikiliza mlango. Ijumaa moja ilipita. Niliogopa mgonjwa wa Makere amepata nguvu ya kupanda gari. Nilijikuta naomba apone, na papo hapo naomba asipone haraka, na nikamwomba Mungu achambue mwenyewe. Kisha binti akanipigia, wamekubaliwa kuujaribu kwa tawi hili. Ungetoka siku ya gulio asubuhi, kwa wote waliokwisha kulipa sehemu kisha wakachelewa.

Yaliyotokea dukani nilihadithiwa baadaye na mzee mwenyewe, na kwa kuwa ananihadithia kila tukionana, nayajua vizuri. Mwenzetu alikuja kuchukua simu. Duka lilikuwa na watu. Mzee akafungua ujumbe kwa mazoea, huku akitafuta salamu ya kubuni, akaona salamu ipo. Akasoma mstari wa kwanza. Akatazama tena kama kweli ni wale wale. Kisha akasoma wote, kwa sauti yake ya kawaida, mpaka "afisa wako."

"Soma tena," mwenzetu akamwambia.

Akasoma tena. Kijana mmoja kwenye benchi akasema, "Mama, wewe una afisa? Hata mbunge hana." Watu wakacheka, na yeye alicheka.

"Tena pale pa asante," akasema.

Mzee anasema hapo ndipo alipokiri kwake. Alimwambia, dada, zile salamu za nyuma nilizitunga, hii ndiyo ya kweli. Naye akamjibu kwamba mama mmoja wa Kasulu amekwisha kumwambia, na kwamba zile za nyuma ndizo zilizomfanya alale usingizi wakati mama yake anaumwa, kwa hiyo asizirudishe.

Alikuja tawini siku iliyofuata, na kilemba cha kanisani. Mimi nilikuwepo. Sikuwa nimepanga na mtu, nilikwenda tu nikakaa kwenye benchi tangu wanafungua. Aliposimama mlangoni hakuingia mara moja. Alitazama kizingiti. Binti akatoka nyuma ya meza, akaja mpaka nje kabisa, wakasalimiana kule kule, nyumba, mgonjwa, safari. Nilihesabu moyoni, hakuruka hata moja. Kisha wakaingia pamoja.

Walikaa muda mrefu. Alieleza mihogo na mvua. Binti akamwonyesha kiasi kipya cha kila wiki na muda ulivyoongezeka, akamwambia na riba itakayoongezeka, akamuuliza kama unga anaoanza nao utaweza kukibeba. Mwenzetu akasema hapana, hapa nitawadanganya, punguza kidogo tena. Meneja akapunguza, muda ukasogea mbele zaidi. Alitia dole gumba. Kibondo haikutajwa, ila akiwa anafuta wino kwenye kanga alisema kaka yake amepata mpangaji wa kile chumba.

Si wote walioitwa walikuja. Binti aliniambia wapo waliosoma wakakaa kimya vilevile, na mmoja alijibu kwa maneno mabaya, akadhani ni matapeli kwa sababu ofisi haijawahi kumsalimia. Lakini simu za watu zilianza kuita badala ya kuzimwa, na mara nyingine mtu alipiga kusema sina, nitakuwa nayo wiki ijayo, naye binti akasema asante kwa kunijulisha, akaandika.

Jumatano ile nikaita majina. Nilipofika kwa huyu wa Makere, jirani yake wa zamani, kwa mazoea, akafungua mdomo, "Yupo, ata..."

"Nipo," mwenyewe akasema, kutoka kwenye kiti kidogo cha nyuma, magoti kidevuni. "Niacheni niitikie mwenyewe, nimelipa nauli."

Alikuja na chupa ya mawese. Alimpa binti, binti akakataa kwa utaratibu wa kazi, hapokei kitu cha mteja. Basi ikawa ya kikundi, tukagawana.

Betri la simu yake bado bovu. Mzee wa duka anamlalamikia kila gulio kwamba simu imejaa, ujumbe mpya hauingii, afute wa zamani. Matangazo anaruhusu yafutwe, na salamu za wajukuu akishasomewa anaruhusu. Mzee akifika kwenye ule wa ofisi anamuuliza, na huu? Deni lenyewe linaelekea mwisho sasa.

"Huo uache," anamwambia. "Ila kwanza nisomee."